Saa tatu asubuhi ni saa tatu tangu kukuche: namna ya kuacha kukosea kwa kuhesabu Kizungu

Mtu aliyezoea kusoma saa kwenye simu, au aliyesoma na kufanya kazi kwa Kiingereza miaka mingi, anajua kwamba saa tatu asubuhi ni `9:00 AM`. Ukimwuliza akiwa ametulia, atakujibu sawasawa. Anakosea akiwa na haraka. Jicho linaona `3:00 AM` kwenye skrini, mdomo unatamka "saa tatu asubuhi", na anayesikiliza anapanga kuamka kwa raha zake, anywe chai, kisha atoke. Kosa hilo ni la saa sita kamili. Halipungui wala haliongezeki, na kwa kuwa ni saa sita daima, linatambulika na linazuilika.

Hatua zinazofuata ni za mtu anayekijua Kiswahili lakini kichwa chake kimezoea namba za Kizungu. Hazihitaji hesabu ngumu. Kinachohitajika ni kujua sifuri ya hesabu iko wapi, jozi sita za namba, na jina la kipindi cha siku ambalo halitenganishwi na namba yake.

Hatua ya kwanza: anza kuhesabu kunapokucha

Saa ya Kizungu inaanza kuhesabu katikati ya usiku, watu wakiwa wamelala, kisha inaanza upya katikati ya mchana. Saa ya Kiswahili inaanza kunapokucha na inaanza upya kunapokuchwa. Ukisema "saa tatu asubuhi" unasema kwamba tangu kukuche zimetimia saa tatu. Ukisema "saa tatu usiku" unasema kwamba tangu giza liingie zimetimia saa tatu. Ndiyo maana saa moja asubuhi ni `7:00 AM`: mchana umetimiza saa yake ya kwanza. Na saa kumi na mbili asubuhi, ambayo huwachanganya wengi, ni usiku uliokamilisha saa zake kumi na mbili. Usiku umekwisha, na hesabu ya mchana inaanzia hapo hapo.

Jizoeze kuifikiri hivyo kabla ya kugusa kujumlisha na kutoa. Jiulize, "Tangu kukuche ni saa ngapi?" Ofisi za serikali Tanzania hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Anayefikiri kuanzia kucha anaona mara moja kwamba kazi inaanza saa moja na nusu baada ya kucha, na kwamba muda wa kazi ni saa nane: tisa na nusu ukitoa moja na nusu. Anayegeuza kwanza kwenda Kizungu analazimika kuvuka adhuhuri, pale namba zinapotoka 12 na kurudi 1, na ni kwenye kivuko hicho anapojikwaa. Kwa Kiswahili mchana mzima ni mstari mmoja, kuanzia moja hadi kumi na mbili, haukatiki katikati.

Hapa pana jambo moja la kuwekwa sawa. Hesabu inaanza kunapokucha, lakini haimfuati jua dakika kwa dakika. Sifuri imepigwa msumari kwenye `06:00` ya saa ya nchi. Dar es Salaam jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili kasoro dakika tano mwezi wa Novemba, na karibu na saa kumi na mbili na nusu mwezi wa Julai. Kigoma iko magharibi zaidi kwa takriban nyuzi kumi za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua huchelewa huko kwa kama dakika arobaini kuliko Dar, ingawa saa za ukutani ni zile zile. Asubuhi ya Julai Kigoma, saa moja inagonga na jua bado halijaonekana. Hiyo bado ni saa moja asubuhi. Vivyo hivyo kwa aliye London mwezi wa Desemba, ambako jua huzama kabla ya saa kumi jioni: akisema saa kumi na mbili jioni anamaanisha `18:00`, hata kama giza limeshaingia zaidi ya saa mbili. Asiyelijua hili hujaribu "kurekebisha" saa kulingana na mwanga wa dirishani, na anaongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Hatua ya pili: shika jozi sita

Uso wa saa ya mishale una namba kumi na mbili, na kila namba inatazamana na mwenzake ng'ambo ya pili. Jozi ni sita tu:

1 na 7
2 na 8
3 na 9
4 na 10
5 na 11
6 na 12

Namba unayoiona kwenye saa ya Kizungu, mwenzake ndiyo saa ya Kiswahili, na kinyume chake vile vile. Hakuna cha kujumlisha. `9:00` mwenzake ni tatu. `2:00` mwenzake ni nane. Jozi hizi ni zile zile mchana na usiku.

Kwenye saa ya ukutani, fuata mshale mfupi mpaka kwenye kitovu, kisha endelea mbele kwa mstari ule ule mpaka ukingo wa pili. Baadhi ya saa zina mshale wenye kijimkia kinachochomoza nyuma ya kitovu, na kijimkia hicho ndicho kinachoelekea kwenye saa ya Kiswahili. Saa ikiwa `9:20`, mshale mfupi umeshapita 9 kwa theluthi ya nafasi, na kijimkia nacho kimepita 3 kwa theluthi ile ile. Ni saa tatu na dakika ishirini.

Mshale mrefu hauguswi. Dakika za Kiswahili na za Kizungu ni zile zile, na hapa ndipo wengine hupotea baada ya kuwa wamepatia saa: wanageuza vyote viwili. `9:20` si "saa tatu kasoro dakika kumi", eti kwa kuwa ng'ambo ya mshale mrefu kuna 10. Geuza saa peke yake.

Kasorobo inataka uangalifu wake. Skrini inaposema `8:45`, mwenzake wa 8 ni 2, kwa hiyo ni saa mbili na dakika arobaini na tano. Hilo ni sahihi, ila watu husema "saa tatu kasorobo", kwa sababu tatu ndiyo inayokaribia. Utaratibu usiokosea ni kugeuza kwanza, ndipo uongeze moja na kusema kasorobo: nane inakuwa mbili, mbili inayokaribia tatu ni tatu kasorobo. Ukianza na kasorobo ya Kizungu, ukasema moyoni "tisa kasorobo" kisha ukachelewa kugeuza, mdomo utatoa "saa tisa kasorobo", na hiyo ni `2:45`.

Hatua ya tatu: jina la kipindi ndilo mlinzi

Kila namba ya Kiswahili ina vipindi vyake, na haikai popote. Asubuhi ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tano. Saa sita, saba na nane ni mchana. Saa tisa wengine huiita mchana, wengine alasiri. Saa kumi, kumi na moja na kumi na mbili ni jioni. Saa moja ya giza wapo wanaoiita jioni na wapo wanaoiita usiku, na zote mbili zinaeleweka. Kuanzia saa mbili hadi saa tisa ni usiku. Saa kumi na kumi na moja ni alfajiri, ingawa utasikia pia "saa kumi usiku" na "saa kumi na moja asubuhi", hasa kwa anayewahi basi.

Ukizifahamu jozi hizi za namba na kipindi, makosa mengi yatajitangaza yenyewe. Mtu akikuambia "saa tisa asubuhi", hakuna saa kama hiyo. Amefikiri Kizungu, anamaanisha `9:00 AM`, na unaweza kumrekebisha hapo hapo. "Saa mbili mchana" pia haipo, anamaanisha `2:00 PM`, yaani saa nane. "Saa nne jioni" haipo. "Saa sita jioni" haipo. Makosa ya aina hii hayana madhara makubwa, kwa sababu anayesikia anashtuka na kuuliza.

Ya hatari ni yale yanayosikika sawa, na hayo ni machache, yanafaa kukaririwa. Asubuhi ni saa moja hadi saa tano: anayesema "saa tatu asubuhi" akimaanisha `3:00 AM` ametamka maneno yaliyo safi kabisa, na hakuna atakayeuliza. Saa kumi na moja asubuhi nayo imo. Msemaji anamaanisha `11:00 AM`, msikilizaji anasikia alfajiri na kuweka kengele ya `05:00`. Usiku ni saa moja hadi saa nne, na saa saba hadi saa kumi. "Saa nane usiku" kwa aliyemaanisha `8:00 PM` inafika sikioni kama `2:00 AM`, na "saa kumi usiku" kwa aliyemaanisha `10:00 PM` inafika kama karibu na alfajiri. Kwenye namba hizi jina la kipindi halitakulinda, kwa hiyo ongeza neno la pili: "saa tatu asubuhi, jua limeshatoka", "saa nane usiku wa manane", "saa mbili usiku, ule muda wa taarifa ya habari". Kwa Tanzania nanga hii ya mwisho haina mfano, kwa kuwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku inajulikana kila nyumba kuwa ni `20:00`. Kenya nanga yao ni taarifa ya Kiswahili ya saa moja, ambayo ni `19:00`.

Kuna swali ambalo watu huulizana: "Saa tatu ya Kiswahili au ya Kizungu?" Ni bora kuliko kunyamaza, lakini halitoshi, maana anayejibu "ya Kizungu" bado hajasema kama ni `3:00` usiku au mchana. Swali zuri zaidi ni la tendo. Mjukuu akipiga simu na kusema, "Bibi, nitafika saa tatu asubuhi," bibi anauliza, "Kabla hatujanywa chai au tukishakunywa?" Jibu lake halina njia mbili.

Hatua ya nne: kuiingiza kwenye simu

Kubadili lugha ya simu kuwa Kiswahili hakubadili hesabu ya saa. Maneno ya menyu yanakuwa ya Kiswahili, namba zinabaki za Kizungu. Zipo programu zinazofika mbali zaidi na kuandika "9:00 asubuhi" kwa maana ya `9:00 AM`, na kwa mlinzi wa hatua ya tatu utatambua kwamba hiyo ni namba ya Kizungu iliyovishwa neno la Kiswahili. Usiisome kama saa tisa.

Kitu cha kwanza cha kufanya ni kuwasha muundo wa saa 24 kwenye mipangilio ya tarehe na saa. AM na PM ni chanzo cha makosa mengi, hasa kwenye kumi na mbili. Aliyeambiwa basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi huandika 12, anaona "asubuhi", anachagua AM, na kengele inalia `12:00 AM`, ambayo ni saa sita usiku. Aliyealikwa saa kumi na mbili jioni huchagua `12:00 PM`, na anaamshwa saa sita mchana. Kwenye muundo wa saa 24 hakuna namba hizo za mtego, na kugeuza kunakuwa hivi:

Mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Saa tatu asubuhi ni `09:00`, saa nane mchana ni `14:00`, saa kumi na moja jioni ni `17:00`.

Usiku wa mapema, saa moja hadi saa tano, ongeza 18. Saa nne usiku ni `22:00`.

Saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, punguza 6. Saa sita usiku ni `00:00`, saa tisa usiku ni `03:00`, saa kumi na mbili asubuhi ni `06:00`.

Ukirudi kutoka kwenye skrini kuja kwenye Kiswahili, kinyume chake: `07` hadi `18` punguza 6, `19` hadi `23` punguza 18, `00` hadi `06` ongeza 6.

Inafaa kujua kosa linakupeleka upande gani, kwa sababu si makosa yote yanauma sawa. Ukisikia "saa tatu asubuhi" na kuandika `03:00`, utaamka saa sita kabla ya wakati. Umepoteza usingizi, lakini hujakosa kitu. Ukisikia "saa tisa alasiri" na kuandika `9:00 PM`, utafika saa sita baadaye, mlango umefungwa. Saa za asubuhi zikikosewa humwahisha msikilizaji, za alasiri na jioni humchelewesha, isipokuwa ile kumi na mbili ya jioni iliyoandikwa `12:00 PM`. Kwa hiyo miadi ya baada ya adhuhuri ndiyo ya kuhakiki mara mbili.

Msemaji naye mambo yake ni kinyume. Akitamka "saa tatu asubuhi" kwa maana ya `03:00`, ni mwenzake ndiye atakayechelewa saa sita. Tuangalie jinsi hilo linavyotokea, hatua kwa hatua.

Mfano mmoja mpaka mwisho: ndege ya 03:10

Msafiri anatoka Ulaya, anashukia uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Tikiti inasema anafika `03:10`, Jumapili. Anampigia shangazi yake wa Tabata.

"Shikamoo shangazi. Nafika Jumapili, saa tatu na dakika kumi asubuhi."

"Marahaba mwanangu. Vizuri, tutatoka hapa saa mbili, hakuna foleni Jumapili."

Hakuna mmoja aliyesikia kosa. Maneno ya msafiri yako sawa kisarufi, kipindi kinaendana na namba, na shangazi amejibu kwa mpango unaoingia akilini. Ila jibu lake lina dalili. Amesema watatoka saa mbili, yaani `08:00`. Msafiri akilisikiliza jibu hilo kwa hesabu ya kuanzia kucha, atatambua kwamba saa mbili asubuhi watu wameshaamka na jua liko juu, wakati yeye atakuwa ameshakaa uwanjani karibu saa tano. Lakini akilisikiliza kwa hesabu ya Kizungu, `2:00` kwa ndege ya `3:10` inaonekana sawa kabisa. Hivi ndivyo kosa moja linavyojithibitisha lenyewe: maswali na majibu yote yamehama kwa saa sita, na yanaendana.

Sasa lirekebishwe. Namba kwenye tikiti ni `03`. Iko kati ya `00` na `06`, kwa hiyo ongeza 6: saa tisa. Dakika zinabaki kumi. Kipindi cha saa tisa isiyo ya mchana ni usiku. Ni saa tisa na dakika kumi usiku.

Bado siku. Tikiti inahesabu kwamba Jumapili imeanza saa sita usiku, kwa hiyo `03:10` Jumapili ni ule usiku wa watu waliolala Jumamosi. Msafiri akisema "Jumapili, saa tisa usiku", wapo watakaoelewa usiku unaofuata mchana wa Jumapili, nao watafika uwanjani siku nzima baadaye. Kiswahili kina neno linaloondoa shaka, nalo ni *kuamkia*. Usiku wa kuamkia Jumapili ni usiku mmoja tu, ule ambao kukipambazuka ni Jumapili. Magazeti huandika hivyo kila siku kwa sababu hiyo hiyo.

Lipo tabaka jingine hapo kwa watu wa pwani na kwa Waislamu popote walipo. Kwao siku mpya huingia magharibi, jua linapokuchwa, kwa hiyo usiku hutangulia mchana wake. "Usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Unguja au Lamu ni ule wa Alhamisi ikishakuchwa. Kwa mtu wa ofisini ni ule unaofuata baada ya swala ya Ijumaa, mchana ukishaisha. Wote wawili wako sahihi kwa hesabu yao, na *kuamkia* inawapatanisha, maana usiku wa kuamkia Ijumaa ni ule ule kwa kila hesabu.

Ujumbe wa msafiri, basi, unakuwa hivi:

"Shikamoo shangazi. Nafika usiku wa kuamkia Jumapili, saa tisa na dakika kumi usiku, kabla ya alfajiri. Kwenye tikiti ni `03:10`. Mtatoka nyumbani saa ngapi?"

Swali la mwisho ndilo kipimo. Shangazi akijibu "saa nane usiku", ameelewa. Akijibu "saa mbili", rudia tangu mwanzo. Usikubali jibu la "sawa" peke yake, kwa sababu aliyeelewa vibaya naye hujibu sawa.

Hatua ya tano: muda si saa

Neno *saa* linabeba mambo mawili, wakati wa siku na urefu wa muda. Anayegeuza kila "saa" anayoikuta hugeuza hata urefu wa muda, na hapo madhara yanaweza kuwa ya afya. Karatasi ya dawa ikisema "kila baada ya saa nane", hiyo nane ni urefu. Haina mwenzake ng'ambo, haigeuzwi. Wengi husema "masaa manane" ili kutofautisha. Sanifu ni *saa* kote kote, lakini kwenye mazungumzo ya dawa hiyo *masaa* inaondoa utata, na hakuna haja ya kumsahihisha mgonjwa.

Ratiba ya kila baada ya saa nane inapangika vizuri zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa Kizungu. Anza saa kumi na mbili asubuhi, ambayo ndiyo sifuri ya mchana. Saa nane baada ya kucha ni saa nane mchana. Saa nane nyingine zinamaliza mchana, kwa kuwa zimebaki nne kufika kumi na mbili jioni, na zinazosalia nne zinaingia usiku: saa nne usiku. Kutoka hapo mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni nane tena. Kwenye simu ni `06:00`, `14:00` na `22:00`. Aliyesikia "saa nane" kama wakati, akaigeuza kuwa mbili, anakunywa dozi ya pili saa mbili tu baada ya ya kwanza. Anayempa mgonjwa dawa aandike nyakati tatu zenyewe kwenye bahasha, si "kila saa nane" pekee.

Hatua ya sita: ukiandika tangazo, kadi au tikiti

Namba isiyo na kipindi ni tangazo lililokatwa nusu. "Sherehe itaanza 12:00" inasomeka kwa njia nne: saa sita mchana, saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni. Kwa kadi ya harusi msomaji atakisia jioni. Kwa tikiti ya basi kukisia ni kuachwa.

Andika neno *saa* kabla ya namba na kipindi baada yake: "saa 12:00 jioni". Neno *saa* hapo ni ishara kwa msomaji kwamba hesabu ni ya Kiswahili. Wasomaji wakiwamo wageni au walioko ng'ambo, weka na saa 24 pembeni: "saa 12:00 jioni (18:00)". Namba mbili zinazotofautiana kwa sita zinajihakiki zenyewe. Mchapaji akikosea moja, msomaji anaona kwamba hazilingani, na anauliza. Usiandike "6:00 jioni". Hiyo ni namba ya Kizungu yenye kipindi cha Kiswahili, na ingawa wengi wataielewa, inamzoesha msomaji kuamini kwamba namba na kipindi havina uhusiano, na kesho atakapokuta "3:00 asubuhi" hatajua aisome vipi.

Matangazo ya uchaguzi ni mfano mzuri wa maandishi yasiyo na shaka. Tanzania vituo vya kura hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, ambayo ni `07:00` hadi `16:00`. Kenya ni saa 12:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, yaani `06:00` hadi `17:00`. Namba mbili, vipindi viwili.

Walio ng'ambo: nchi kwanza, hesabu baadaye

Simu ya kati ya nchi mbili ina mageuzi mawili, la nchi na la hesabu, na kuyafanya kwa pamoja ndiko kunakokosesha. Baki kwenye Kiswahili mpaka umalize tofauti ya nchi. Muscat iko saa moja mbele ya Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo saa tatu asubuhi ya Dar ni saa nne asubuhi ya Muscat. Kigali na Bujumbura ziko saa moja nyuma: ni saa mbili asubuhi. London iko saa tatu nyuma wakati wa baridi na saa mbili nyuma wakati wa kiangazi, kwa hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi au saa moja asubuhi. Ukishapata jibu la Kiswahili la mji husika, ndipo ugeuze kwa ajili ya kengele: `10:00`, `08:00`, `06:00` au `07:00`.

Panapobaki shaka, taja mji pamoja na saa: "saa tatu asubuhi ya Dar". Na uliyeko naye akiwa Mganda, usiogope kusema saa tatu, kwa kuwa Waganda nao huhesabu kuanzia kucha kwa lugha yao, na `9:00` kwao ni saa tatu vile vile.